Jinsi ya kuandika rivyu ya kliniki ya meno bila kuanika kilichokuwa mdomoni mwako

Mdogo wangu anakaa Uyole. Kuna kipindi alienda kutibiwa jino kwenye kliniki moja hapa Mbeya mjini, wakamhudumia vizuri, na kwa vile ni mtu wa shukrani, aliporudi tu nyumbani hata ganzi haijaisha vizuri akaingia Google Maps akawapa nyota tano na maneno marefu. Katikati ya zile sifa akaandika kwamba wanajali sana, walipojua ana ujauzito wa miezi miwili wakaahirisha eksirei. Sasa huo ujauzito alikuwa anaujua yeye na mume wake tu. Kesho yake asubuhi mama mkwe wake kutoka Tukuyu akapiga simu, kuna mtu kamtumia skrinishoti kwenye grupu la watsapu la ukoo. Amenikubalia nisimulie maana mtoto mwenyewe sasa hivi anatambaa, na vitu vingine vidogo nimevibadilisha, ila nataka uone kitu kimoja hapo, siri haikutoka kwenye malalamiko, ilitoka kwenye sifa. Mtu akiwa anashukuru ndo anajisahau zaidi.

Baada ya hapo tulikaa mimi na yeye tukaiandika upya ile rivyu mpaka ikabaki na kila kitu ambacho mtu wa Mafiati au Mbalizi mwenye jino linalouma angetaka kujua kabla ya kupanda bajaji, na hakuna hata neno moja la ugonjwa wake. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza andika noti, usiposti

Siku ileile ukitoka kliniki fungua sehemu ya noti kwenye simu, andika kila unachokumbuka, hata ya ndani kabisa, hizo ni zako peke yako. Jino lipi, walisema nini, ulilipa ngapi, ulisubiri muda gani. Nasema siku ileile kwa sababu mambo madogo yanapotea haraka sana, baada ya wiki utakumbuka tu kwamba "walikuwa wazuri" au "waliniumiza", na hayo mawili hayamsaidii mtu yeyote.

Halafu subiri. Mi naona wiki mbili zinatosha, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni haki ya kliniki. Kwa huduma nyingi za meno, hasa zile nzito, uvimbe na maumivu vinaweza kupanda mpaka siku ya pili au ya tatu ndipo vianze kushuka, na hiyo ni kawaida ya mwili kupona, kwa hiyo ukiandika usiku wa kwanza unaugulia unaweza kumlaumu mtu kwa kitu ambacho hakukosea. Na kinyume chake pia, ukiandika wakati mdomo bado umekufa ganzi utasifia kwamba "sikusikia chochote" wakati yenyewe bado hujaijua. Sababu ya pili ni siri yako. Rivyu inaonyesha imewekwa lini, siku mbili zilizopita, wiki iliyopita. Mfanyakazi mwenzako aliyekuona Jumatano umevimba shavu akikuta rivyu ya Jumatano anaunganisha mwenyewe.

Kanuni moja ya kushika: kila sentensi izungumzie wao, isikuzungumzie wewe

Hapa ndo penye kazi yote. Chukua zile noti, pitia sentensi moja moja, jiulize: je, mtu aliyekuja kusafishwa meno tu angeweza kuiandika hii? Kama angeweza, iache. Kama hapana, ibadilishe mpaka aweze.

Mfano mdogo wangu alikuwa ameandika "jino langu la nyuma chini lilikuwa limeoza na lina usaha, dokta akanielezea kwamba linaweza kuokolewa." Mwenye sentensi hiyo ni jino. Tukaigeuza ikawa "daktari alinieleza alichokiona kabla hajagusa kitu, na akanipa njia zaidi ya moja." Sasa mwenye sentensi ni daktari, na msomaji hajapoteza kitu, maana msomaji hana shida na jino la mdogo wangu, ana shida na jino lake.

Maelezo ya matibabu

Kwetu huku wengi tumekua na ule msemo kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa, kwa hiyo mtu anakaa kwenye kiti, anaambiwa "fungua mdomo", dakika kumi baadaye anatoka na pamba. Labda kweli lilikuwa la kung'oa, lakini labda lilikuwa la kuziba, na hakuambiwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuangalia ni kama ulitajiwa njia nyingine pamoja na faida na hasara zake, ikiwemo njia ya kusubiri na nini kitatokea ukisubiri. Huna haja ya kuzitaja njia zenyewe. "Alinitajia njia mbili, akasema ipi ghali na ipi ya muda mfupi, akaniacha nichague" inatosha kabisa.

Angalia pia kama alikuonyesha, kwa kioo au kwa eksirei kama ilipigwa, na kama alikuwa anaongea na wewe au anaongea na nesi juu ya kichwa chako kwa maneno ya kitaalamu. Na kama kulikuwa na fomu ya kusaini, ulipewa nafasi ya kuisoma au ulisukumiwa tu na kalamu.

Kipimo ninachokiamini mimi ni hiki: ulipofika nyumbani, uliweza kumueleza mwenza wako au mama yako kimefanyika nini, kwa nini, na kinafuata nini? Kama uliweza, maelezo yalikuwa mazuri. Kama ulibaki unasema "sijui wamefanya fanya tu lakini limepoa", hayakuwa mazuri hata kama dokta alikuwa mchangamfu. Kwenye rivyu unaandika hivyo hivyo, "nilitoka naweza kumuelezea mtu wa nyumbani kila kilichofanyika", bila kukitaja chenyewe.

Maumivu

Hii ndo watu wanaisoma kwanza, na ndo tunayoiandika vibaya kuliko zote. "Hawaumizi" ni neno ambalo halina kazi, maana maumivu ya mtu na mtu ni tofauti, na jino na jino ni tofauti. Usiandike uliumia kiasi gani, andika walifanya nini kuhusu maumivu.

Kuna mambo unaweza kuyaona ukiwa umelala palepale kwenye kiti. La kwanza, baada ya sindano ya ganzi walisubiri? Ganzi haishiki papo hapo, inahitaji dakika kadhaa, na sehemu nyingine za mdomo inachukua muda zaidi kuliko nyingine. La pili, walikujaribu kabla ya kuanza? Daktari makini anagusa na kifaa chenye ncha, anauliza unasikia nini, na anakuelekeza mapema kwamba kusukumwa na kubanwa utaendelea kukusikia, kinachotakiwa kupotea ni ule uchungu mkali wa kuchoma. Mtu asipoambiwa hivyo anasikia msukumo anaogopa anadhani ganzi imekataa. La tatu, mlikubaliana ishara? Mdomo uko wazi na umejaa vifaa, huwezi kusema, kwa hiyo anayejali anakwambia mapema "ukiumia inua mkono wa kushoto." La nne, na kwangu ndo kubwa, ulipouinua alisimama?

Sasa hapa lazima tuwe waungwana kidogo. Kuna wakati ganzi inashika vibaya bila kosa la mtu, hasa mahali palipovimba na kupata maambukizi, nyama ya pale inakuwa na tindikali nyingi na dawa ya ganzi inakosa nguvu. Kwa hiyo ganzi kutoshika mara ya kwanza siyo hoja ya kumshushia mtu nyota. Hoja ni alifanya nini baada ya hapo, aliongeza, alibadilisha mahali pa kuchoma, alikwambia turudi siku nyingine uvimbe ukishuka, au alikwambia "vumilia kidogo tunamaliza". Ukipata hilo la mwisho liandike wazi, "niliinua mkono mara mbili hakusimama", hiyo ni taarifa nzito kuliko matusi ya aya nzima. Ila usiandike kwa nini ganzi ilikataa, maana ukisema kwa sababu ya usaha umeshasema ugonjwa wako. Na usiseme mdomo wa juu au wa chini, kushoto au kulia.

Kuna anayeuliza, kutaja ganzi si ndo kumwaga siri? Hapana, ganzi inatumika kwa kuziba, kung'oa, kutibu mzizi, hata kwa usafishaji wa ndani ya fizi, kwa hiyo neno lenyewe halimwambii mtu kitu. Jina la dawa uliyopewa kunywa nyumbani ndo usiliandike, kwa sababu kuna dawa zinazokwepwa kwa wajawazito, kwa wenye vidonda vya tumbo, kwa wenye presha, na anayejua dawa atasoma zaidi ya ulichokusudia.

Ongeza na la baada ya huduma. Ganzi inaweza kukaa kwenye mdomo na ulimi muda wa saa mbili mpaka nne, na mtu akila kabla haijaisha anajing'ata bila kujua, watoto ndo wanajichana kabisa. Walikuonya? Walikupa namba ya kupiga kama mambo yakiharibika usiku, na ilipopigwa ilipokelewa? Hayo yote yanaandikika.

Gharama

Watu wanadhani kusema ukweli wa gharama ni kutaja shilingi. Kwa meno hapana, kiasi kinasema siri. Mtu akiandika kwamba alienda mara tatu na kulipa laki kadhaa, kila aliyewahi kutibiwa mzizi wa jino anajua ni nini. Unachokipima ni uwazi, na uwazi unapimwa kwa kulinganisha ulichoambiwa na ulicholipa.

Kwa hiyo andika: niliambiwa bei kabla ya kukaa kwenye kiti au baada. Nilichanganuliwa, yaani kumuona daktari peke yake, picha peke yake, huduma peke yake, dawa peke yake, au nilitajiwa jumla tu. Katikati mambo yalipobadilika, walisimama wakaniomba ruhusa au nilikuta mapokezi. Kama iliongezeka, sema kwa uwiano, "ilizidi kama robo ya nilichoambiwa", msomaji ataelewa na hatajua ulilipa ngapi. Sema kama ulipewa risiti ya mashine bila kuiomba. Na kama unatumia bima, inatosha kuandika kwamba walikwambia mapema kipi bima inalipa na kipi utatoa mfukoni, bila kutaja ni bima gani, maana kuna bima ukiitaja tu mtu anajua na unapofanya kazi.

Kama kliniki imebandika bei ukutani, hiyo iandike bila wasiwasi, ni ya wote.

Usafi

Hapa nitakwenda haraka ila kuna kosa moja nataka nilizuie. Masika huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili kila mtu anaingia na tope kwenye viatu, sakafu ya mapokezi ikiwa na alama za tope saa nne asubuhi siyo uchafu wa kliniki. Na sakafu inayong'aa siyo ushahidi wa vifaa safi. Macho yako yaweke kwenye vitu vinavyoingia mdomoni.

Vifaa vilitoka kwenye pakiti iliyofungwa na ikafunguliwa mbele yako? Hizo pakiti nyingi zina alama inayobadilika rangi zikipita kwenye autoklevu, ile mashine inayochemsha vifaa kwa mvuke wa presha, digrii 121 au 134. Rangi ikibadilika inaonyesha pakiti ilipata joto, haithibitishi kila kitu, lakini kuiona ni bora kuliko kutoiona. Sindano ilifunguliwa ikiwa mpya, na ilipotumika ilienda kwenye boksi lake la sindano au ilibaki kwenye trei? Glovu je, aliposhika simu au droo katikati ya kazi alizibadilisha? Kiti na taa vilifutwa baada ya mgonjwa aliyekutangulia?

Andika ulichokiona tu. "Sikuona pakiti ikifunguliwa, vifaa nilivikuta tayari kwenye trei" ni kweli na ni haki. "Hawachemshi vifaa" ni tuhuma, maana wewe chumba cha kuchemshia hukuingia. Na hapa siyo suala la uungwana peke yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza taarifa za uongo, kwa hiyo tofauti ya sentensi hizo mbili ni kubwa.

Chujio la mwisho kabla ya kuposti

Ukishaandika soma tena ukijifanya wewe ni jirani yako mbea kuliko wote. Kila sentensi peke yake inaweza kuwa salama, shida ni zikikaa pamoja. Jina lako kamili na picha kwenye profaili, tarehe, idadi ya mara ulizoenda, kiasi, jina la daktari ambaye mji mzima unajua kazi yake ni moja tu. Toa kimoja kimoja mpaka picha isikamilike. Idadi ya mara ulizoenda ondoa kabisa. Badala ya tarehe andika "mwaka huu". Kumbuka pia mtu akibonyeza jina lako anaweza kuona na rivyu nyingine ulizowahi kuandika, kwa hiyo kama mwezi uliopita ulisifia kliniki ya wajawazito, jirani atajumlisha.

Picha ndo kabisa. Eksirei ina jina pembeni, risiti imeandikwa huduma uliyopata, picha ya mapokezi ina watu waliokaa kwenye benchi ambao hawakukuomba uwatangaze. Kama lazima uweke, piga ubao wa bei au mlango wa nje. Na ukimpeleka mtoto, hiyo rivyu ni ya mdomo wake siyo wako, andika ukiwaza atakuja kuisoma akiwa form foo.

Baada ya chujio ya mdogo wangu ilibaki hivi:

"Nilihudumiwa hapa mwaka huu. Daktari alinieleza alichokiona kwa Kiswahili cha kawaida kabla ya kuanza, akanipa njia mbili na tofauti ya bei, akaniacha nifikirie. Bei ya huduma niliyoambiwa ndiyo niliyolipa na risiti nikapewa, ila ada ya kufungua faili sikuambiwa mapema, niliikuta mapokezi. Ganzi walisubiri ishike, wakanijaribu kwanza, tukakubaliana nikiinua mkono wanasimama, niliinua mara moja na walisimama wakaongeza. Vifaa vilifunguliwa mbele yangu, glovu zilibadilishwa. Mapokezi wanauliza maswali ya afya kwa sauti na watu kwenye benchi wanasikia, hapo warekebishe. Kesho yake walinipigia kujua hali."

Ona hilo la mapokezi. Maswali yenyewe ni ya lazima, wanauliza presha, kisukari, ujauzito, dawa unazotumia, na wanaouliza hivyo ndo wazuri. Kilichoandikwa ni namna walivyouliza, majibu yake hayamo. Nyota zilishuka kutoka tano hadi nne, na nadhani nne hizo zina uzito kuliko zile tano za mwanzo.

Wakijibu

Kliniki inaweza kujibu hadharani na wao ndo wakakuanika. Yake walijibu, kwa nia njema kabisa, "Asante dada, karibu tena, na lile jino la nyuma tukalimalizie." Usijibizane hapo chini, kila neno unaloongeza linathibitisha. Alipiga simu mapokezi akaomba jibu lifutwe, akawaambia kwa upole kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na ruhusa ya kuzitangaza hakuwapa. Likafutwa siku hiyohiyo.

Kama jambo lako ni la madhara ya kweli, mtu kaumizwa au kapewa huduma asiyoikubali, rivyu siyo mahali pake. Andika barua kwa uongozi wa kliniki, na kama haikusikilizwa peleka Baraza la Madaktari Tanganyika, huko ndo unatoa kila kitu, jino, tarehe, eksirei na risiti, maana wale wanahitaji vitu vyote ulivyoficha hapa. Ndo maana zile noti za siku ya kwanza usizifute.

Aliporudi miezi kadhaa baadaye alikuta mapokezi wameweka fomu ya kujaza mwenyewe, maswali yaliyobaki wanauliziwa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Jioni yake akafungua ile rivyu, akafuta mstari wa benchi, akaandika kwamba wamerekebisha, na ule wa ada ya faili akauacha, maana siku hiyo pia aliikuta mapokezi.